Jinsi ya kuhakiki hesabu ya kufunga mkopo kabla ya muda wake

Karibuni. Katika video hii tutaichukua barua ambayo benki humpa mkopaji anayetaka kumaliza deni mapema, na tutazikokotoa upya tarakimu zake tatu: salio la deni la msingi, riba iliyolimbikizwa na adhabu ya kulipa kabla ya muda. Mfano nimeutunga mwenyewe, lakini ni wa aina inayowafika mara kwa mara watumishi wanaokatwa rejesho kwenye mshahara.

Mkopo wenyewe ni shilingi 12,000,000, riba ni asilimia 18 kwa mwaka ya salio linalopungua, na muda ni miezi 48. Fedha zilitolewa tarehe 25 Septemba 2023, na rejesho la kwanza likakatwa tarehe 25 Oktoba mwaka huo. Mkataba unasema kuwa adhabu ya kulipa mapema ni asilimia 3 ya salio la deni la msingi. Barua ya benki, iliyoandikwa tarehe 10 Juni 2025, inadai salio la msingi la shilingi 8,240,066, riba ya shilingi 186,925 na adhabu ya shilingi 306,675, jumla shilingi 8,733,666.

Kabla ya kugusa hesabu yoyote, fungueni mkataba na mthibitishe kwamba riba ni ya salio linalopungua. Ikiwa ni riba bapa, yaani inayopigwa juu ya mkopo wote wa awali hadi mwisho, msitumie hatua hizi; hapo itabidi mtafute kifungu kinachoeleza riba ya miezi ambayo bado haijafika inafutwaje.

Sasa fungueni Excel na muanze na rejesho la mwezi, kwa sababu likikataa kulingana na lile lililo kwenye mkataba, hakuna haja ya kuendelea mpaka mjue sababu.

```
=PMT(18%/12,48,-12000000)
```

Jibu ni 352,500, nalo linalingana na mkataba. Hatua inayofuata ni kuhesabu marejesho yaliyokwisha kulipwa, na hapa nawaomba msitegemee kumbukumbu: wekeni slipu za mshahara mezani, mhesabu moja baada ya nyingine kuanzia Oktoba 2023 hadi Mei 2025. Zinapatikana slipu 20 zenye makato hayo. Salio baada ya marejesho 20 tunalipata hivi:

```
=FV(18%/12,20,352500,-12000000)
```

Excel inatoa shilingi 8,011,167, ilhali benki imeandika 8,240,066. Tofauti ya shilingi 228,899 ni kubwa mno kuwa ya kukadiria desimali. Benki inayohesabu riba kwa siku halisi za kila mwezi, badala ya kugawa mwaka kwa 12, inaweza kutofautiana nasi kidogo, na tofauti ya namna hiyo nisingeibishia. Hii si ya aina hiyo. Badilisheni 20 iwe 19 katika fomula ileile, kisha mtazame skrini: 8,240,066, kama ilivyo kwenye barua. Maana yake ni kwamba, kwa mujibu wa benki, rejesho la Mei halijalipwa.

Twende kwenye riba. Riba iliyolimbikizwa ni ile ya siku zilizopita tangu rejesho la mwisho hadi siku ya kufunga mkopo, wala si riba ya mwezi mzima. Tunazidisha salio kwa asilimia 18, tunagawa kwa 365, kisha tunazidisha kwa idadi ya siku. Kwa salio letu, riba ya siku moja ni shilingi 3,951, na kutoka 25 Mei hadi 10 Juni ni siku 16, hivyo riba ni shilingi 63,211. Angalieni mkataba wenu kama unagawa kwa 365 au 360, kwa kuwa mikataba mingine hutumia 360 na riba ya kila siku hupanda kidogo.

Benki imeandika 186,925. Badala ya kusema tu kwamba imekosea, tuirudishe nyuma hesabu yake. Riba ya siku moja kwa salio la benki ni shilingi 4,063.59, tukigawa 186,925 kwa kiasi hicho tunapata 46, na siku 46 kabla ya 10 Juni ni 25 Aprili. Kwa hiyo mstari wa riba unatoa ushahidi uleule wa mstari wa kwanza.

Adhabu ndiyo inayohitaji macho makali zaidi, kwa sababu asilimia yake inaweza kuwa sahihi huku kiasi inachopigiwa kikiwa si sahihi. Gawanyeni 306,675 kwa asilimia 3, mtapata 10,222,500. Hilo si salio letu, wala si salio la benki yenyewe. Ligawanyeni tena kwa rejesho la mwezi, 352,500, na jibu ni 29 kamili. Benki imetoza adhabu juu ya jumla ya marejesho 29 yaliyobaki, pamoja na riba ya miezi ambayo mkopaji hataifikia, wakati mkataba unataja salio la deni la msingi peke yake. Kwa salio sahihi, adhabu ni shilingi 240,335.

Tukijumlisha 8,011,167, 63,211 na 240,335 tunapata shilingi 8,314,713, ambayo ni pungufu ya dai la benki kwa shilingi 418,953. Katika hizo, 359,480 zinatokana na rejesho la Mei kutohesabiwa, na 59,473 zinatokana na msingi mbaya wa adhabu. Zitenganisheni hivyo katika barua yenu, kwa sababu majibu yake ni tofauti.

Kuhusu rejesho la Mei, ombeni taarifa kamili ya akaunti ya mkopo na mwambatishe slipu ya mwezi huo. Mara nyingi mwajiri amekata lakini amechelewa kuwasilisha, au fedha zimefika benki na hazijaingizwa kwenye akaunti ya mkopaji. Kama mwajiri alichelewa kweli, benki inaweza kudai riba ya siku hizo za ucheleweshaji, ambayo kwa mfano huu ni takribani shilingi 113 kwa siku. Kama fedha zilikuwa tayari benki, sioni sababu ya mkopaji kuilipa. Kuhusu adhabu, nukuuni kifungu cha mkataba neno kwa neno na muonyeshe ule mgawanyo uliotoa 29.

Ombeni barua mpya inayotaja tarehe ya mwisho ya kutumika kwake na riba ya kila siku inayoongezeka. Mkilipa tarehe 13 Juni badala ya 10, kwa mfano, ongezeni siku tatu, yaani shilingi 11,852, na si zaidi. Ulizeni pia makato ya Juni yatasimamishwa lini, kwa kuwa orodha ya mishahara huandaliwa kabla ya tarehe ya malipo na makato yanaweza kupita hata baada ya mkopo kufungwa. Barua ieleze kwamba yakipita, yatarejeshwa kwenye akaunti ya mkopaji. Benki ikikataa kusahihisha bila kutoa sababu ya maandishi, wasilisheni kwanza malalamiko rasmi kwa benki yenyewe na mtunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu ndiyo mtakayohitaji mkilipeleka suala hilo Benki Kuu ya Tanzania.