Mng'ate na Wewe Asikie: Mhadhara kwa Wazazi na Walezi, Dodoma

Mbukwenyi jamani. Waliokaa nje sogeeni ndani, huo upepo utawajaza vumbi machoni halafu mseme mhadhara wangu umewaliza.

Leo niliambiwa niongelee watoto wanaong'ata, wanaopiga na wanaopora vitu vya wenzao. Vitatu hivyo. Nawaambia mapema muda mwingi nitauchukua kwenye kung'ata, kwa sababu kila nikienda mahali mtu ananiambia dawa yake ni moja tu, mng'ate na wewe asikie uchungu. Miaka yote nasikia hiyo. Juzi tu bibi mmoja kanishika mkono kwenye daladala ya Nkuhungu ananifundisha kazi yangu mwenyewe, eti ng'ata mara moja tu, harudii tena.

Sawa bibi. Sasa tuangalie. Mtoto wa mwaka na nusu ukimng'ata anasikia maumivu, hilo kweli. Lakini ili imsaidie inabidi awaze hivi, mimi nimeumia, kwahiyo na mwenzangu aliumia vilevile nilipomng'ata dakika tano zilizopita, kwahiyo niache. Mtoto wa miezi kumi na nane hafiki huko, jamani, kuna watu wazima hawafiki huko! Anachobaki nacho ni kwamba mama akikasirika anang'ata. Basi na yeye kesho akikasirika anafanya nini? Na wale wa kupaka pilipili mdomoni, mkono wa mtoto unatoka mdomoni unaenda jichoni, mtakuja kuniambia.

Najua kuna baba pale nyuma anasema sisi tulichapwa na tukakua. Mlikua ndio. Mliacha kung'ata kwa sababu mlijifunza kuongea, baba, wala sio ile fimbo. Watoto wengi wanaong'ata wanaanza kama mwaka mmoja hivi na wanapungua wakikaribia mitatu, maneno yanapokuja. Shida ni hapo katikati tunafanya nini, maana mwenye mtoto aliyeng'atwa hawezi kukusubiri miaka miwili.

Nitawapa kisa kimoja. Pale ninapolea watoto tulikuwa na kijana tumwite Bakari, miezi ishirini, mnene, mchangamfu, anang'ata kama mbwa wa getini. Mama mmoja alishaniambia mtoe huyo au namtoa wangu. Dada ninaolea nao pale wakasema huyu mtoto ana roho mbaya. Nikawaambia leteni daftari. Kila aking'ata andika vitu vinne tu, saa ngapi, wapi, alimng'ata nani, na sekunde chache kabla ilikuwaje. Hicho cha mwisho ndio muhimu na ndio watu hawaandiki, wanaandika "amemng'ata mwenzake bila sababu".

Jumatatu mpaka Ijumaa alikuwa ameng'ata mara tisa. Saba kati ya hizo zilikuwa kati ya saa nne na saa tano, zote palepale kwenye jamvi la kona. Sasa saa hiyo kuna nini? Uji ulikuwa unaliwa saa tano, na watoto wengine wametoka kwao saa kumi na mbili wamekunywa chai tupu. Dada mmoja yuko jikoni anakoroga, kabaki mmoja na watoto kumi na mbili. Na kwenye lile jamvi kuna gari jekundu moja. Moja! Roho mbaya ilikuwa ya kwetu sisi tulioweka gari moja mbele ya watoto wenye njaa.

Tukabadilisha. Uji ukaja saa nne kasoro. Nikaenda soko la Majengo nikanunua magari mengine mawili, yanafanana kabisa na lile, rangi ileile, maana ukimletea la bluu unaongeza ugomvi. Na dada akakaa chini, kwenye jamvi, urefu wa mkono kutoka kwa Bakari. Akikaa kwenye kiti mlangoni akapiga kelele "wee Bakari!", meno yanakuwa yameshafika.

Mtoto anayetaka kung'ata unamjua. Bakari alikuwa anaganda kwanza, anaacha kucheza, kidevu kinakaza, anaangalia bega la mwenzie, halafu mdomo unafunguka anaegemea mbele. Ni sekunde mbili tatu. Hapo unapitisha kiganja chako katikati, kati ya mdomo na bega, usimpige mdomo, unaziba njia tu. Unasema kwa sauti ya chini, "Hapana. Kung'ata kunaumiza." Basi, maneno matatu. Mkianza "Bakari mara ngapi nimekuambia wewe mtoto hivi unafikiri mwenzako hana mama" hapo mmeshampoteza, anaangalia hereni zako.

Halafu unampa neno alilokosa. Alikuwa anataka gari, kwahiyo unamfungua kiganja chake, unakinyoosha, unasema "nipe". Yeye akisema "pe" tu, mpe lile lingine hapohapo. Asiposema kitu ila kanyoosha mkono, mpe. Tunanunua ule mkono ulionyooshwa.

Na kama umechelewa ameshang'ata? Nenda kwa aliyeng'atwa kwanza. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha baridi, mbembeleze. Ngozi ikipasuka mpeleke kituo cha afya, usipake majivu. Yule aliyeng'ata aone kwamba kung'ata kumemwondolea macho ya watu badala ya kumletea.

Wiki ya pili mara nne. Tukashangilia. Wiki ya tatu ikapanda mara saba, na Jumatatu peke yake tatu, dada wananiangalia kama mganga aliyeshindwa. Nikamwita mama mtu, nikamuuliza wikiendi mlikuwa wapi. Kumbe kaja mjomba wake kutoka Kondoa, na mchezo wao ni mjomba kumng'ata tumbo, "nyam nyam nakula Bakari", mtoto anacheka mpaka anadondoka, na yeye anamng'ata mjomba shavu, nyumba nzima inacheka. Sasa Jumatatu anakuja kucheza mchezo wa mjomba na mtoto wa watu! Mnanielewa? Mangapi mnacheka nyumbani halafu mnachapa nje. Mjomba tukamuomba ahamie kwenye kutekenya. Mwezi wa pili kuisha tulikuwa tunakaa wiki nzima bila daftari kufunguliwa.

Naona naonyeshwa saa. Haya, kupiga ni njia ileile, zuia mkono, halafu chukua mkono huohuo umpitishe shavuni kwa mwenzie taratibu, "hivi, polepole". Kupora, msimlazimishe wa miaka miwili agawane, hajui kama kitu kikiondoka kinarudi. Mpeni zamu fupi, wimbo mmoja mfupi mnaimba, ukiisha gari linaenda kwa mwenzie, ukiisha tena linarudi. Lirudi kweli! Mkimdanganya mara moja zamu imekufa.

Kliniki nendeni kama amepita mitatu na bado anang'ata sana, au anajiumiza mwenyewe, au miaka miwili imefika hana maneno. Hapo mwombeni wampime masikio kwanza.

Mama mwenye kitenge cha kijani nimeona mkono wako, unauliza meno. Ndio, magego yanawasha, mpe kitambaa safi kilicholowa maji ya baridi atafune. Ila kama anatafuna bega la jirani saa nne kila siku na kitambaa kiko mkononi, mama, angalia uji.