Nguzo Ndefu, Kasi Ileile

Asanteni, karibuni tukae. Nimeambiwa humu ndani wapo waandishi wa habari na maofisa mipango wa halmashauri, kwa hiyo sikuona haja ya kubuni mfano. Tutumie sensa zetu wenyewe. Tangu Muungano, Tanzania imehesabu watu mara sita: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Kwa mamilioni, tulikuwa 12.3, kisha 17.5, 23.1, 34.4, 44.9, na mara ya mwisho 61.7.

Sasa hapa ubaoni sikuchora idadi ya watu. Nimechora ongezeko, yaani watu waliozidi kutoka sensa moja hadi inayofuata. Ndiyo maana sensa ni sita na nguzo ni tano. Ya kwanza inafika milioni 5.2, ya pili 5.6, ya tatu 11.3, ya nne 10.5, na ile ya mwisho imepanda hadi 16.8. Niambieni, ni kipindi gani watu waliongezeka kwa kasi zaidi?

Naam, karibu wote mmenyoosha mkono kwenye nguzo ya mwisho. Si kosa kabisa. Lakini ile fupi kuliko zote, ya 1967 hadi 1978, ina kasi ileile: asilimia 3.2 kwa mwaka, zote mbili. Nguzo moja ni ndefu mara tatu na zaidi kuliko mwenzake, na kasi hazipishani.

Tuone inakuwaje. Mwaka 1967 tulianza na watu milioni 12.3, wakaongezeka milioni 5.2. Gawanya ongezeko kwa idadi ya kuanzia, unapata asilimia 42. Kipindi kilichofuata tulianza na milioni 17.5, zikaongezeka 5.6. Gawanya vilevile: asilimia 32. Nguzo imerefuka kidogo, lakini ukuaji umepungua, kwa sababu waliozaa hao watoto walikuwa wengi zaidi kuliko mwanzo. Urefu wa nguzo ya ongezeko unakwambia wameongezeka wangapi. Haukwambii wameongezeka juu ya wangapi, na hicho cha pili hakionekani popote kwenye mchoro huu. Anayetazama hana hata namna ya kukikisia.

Kuna mama pale nyuma anatikisa kichwa. Najua: kipindi cha kwanza kilikuwa miaka 11 na cha pili miaka 10. Ni kweli, na ndipo tunapofika kwenye mtego wa pili, ambao kwa maoni yangu huwanasa hata wataalamu.

Tazameni nguzo ya tatu na ya nne. Ya tatu ni 11.3, ya nne ni 10.5. Unaweza kuandika kwamba ongezeko lilipungua baada ya 2002. Lakini kutoka 1988 hadi 2002 ni miaka 14! Mchoraji ameziweka nguzo zote kwa upana mmoja kana kwamba vipindi ni sawa. Ukigawa kwa miaka, kipindi cha tatu kilituongezea kama watu laki nane kila mwaka, na cha nne zaidi kidogo ya milioni moja kila mwaka. Sasa ya nne imekuwa ndefu. Tukienda kwenye kasi, kwa idadi kamili za sensa kabla ya kukadiria, ya tatu ni asilimia 2.9 kwa mwaka na ya nne ni 2.7. Ya tatu imerudi mbele! Data ni zilezile, maswali matatu, na mshindi anabadilika kila mara. Kwa hiyo mhariri akikuuliza "ipi ni kubwa", mrudishie swali kwanza: kubwa kwa lipi?

Kuhusu kuipata hiyo asilimia kwa mwaka, msichukue 42 mkaigawa kwa 11. Mtapata 3.8, na imezidi. Anayezaliwa mwaka huu anahesabiwa kwenye msingi wa mwaka ujao. Ongezeko linazaa ongezeko. Jaribuni wenyewe: anzeni na milioni 12.3, mkuze kwa asilimia 3.8 kila mwaka kwa miaka 11, mtafika kama milioni 18.5. Sensa ilikuta 17.5. Mmezidisha watu milioni nzima. Kwa asilimia 3.2 mnaangukia karibu kabisa na namba ya sensa. Kwenye kompyuta, miaka ikiwa safu ya A na idadi safu ya B, fomula ni hii:

```
=LN(B3/B2)/(A3-A2)
```

Jibu litatoka 0.032, zidisheni kwa 100. Fomula inagawa kwa miaka halisi, kwa hiyo ule mtego wa miaka 14 unaondoka wenyewe.

Na kama mnataka jicho lenyewe lione kasi, acheni nguzo. Chukueni idadi zile sita, ziwe grafu ya mstari, miaka ya sensa ipangwe kwa umbali wake halisi, na mhimili wima uwe wa skeli ya logi. Humo, kutoka 10 hadi 20 ni umbali uleule kama kutoka 30 hadi 60, kwa sababu vyote ni kuongezeka maradufu. Mwinuko sawa ni kasi sawa. Kipande cha 1967 hadi 1978 na kile cha 2012 hadi 2022 vitapanda kwa mwinuko mmoja, na katikati mstari utalala kidogo. Ila nakiri wasomaji wengi wa gazeti hawajaizoea skeli hiyo, na huwezi kuweka nguzo juu yake, kwa kuwa haina sifuri ya kusimamia nguzo. Gazetini ningechora kasi zenyewe kama nguzo tano: 3.2, 2.8, 2.9, 2.7, 3.2. Kichwa cha mchoro kiseme wazi "asilimia kwa mwaka", maana msomaji akiona nguzo inashuka hapo atadhani watu wamepungua.

Ndiyo, kaka, uliza. Anauliza kama basi asilimia ndiyo ya kuaminiwa siku zote. Hapana. Chukua Dar es Salaam na Katavi, 2012 hadi 2022. Dar iliongezeka watu kama milioni moja na elfu ishirini, Katavi kama laki tano na elfu themanini na nane. Kwa nguzo, Dar imeiacha Katavi mbali. Kwa kasi, Dar ni asilimia 2.1 kwa mwaka na Katavi ni 7.1, kwa sababu Katavi ilianza na watu wasiofika laki sita na ikamaliza na milioni moja na laki moja na nusu. Lakini anayepanga madawati ya Dar hawezi kujifariji na ile 2.1. Wale milioni moja wapo, wanataka shule na maji.

Na wewe wa Katavi, ikija sensa inayofuata, tuseme baada ya miaka 10, usishangilie wala kushtuka kabla ya kugawa. Mkoa ukiongezeka tena laki tano na elfu themanini na nane, nguzo itakuwa na urefu uleule wa sasa, na kasi itakuwa imeshuka hadi kama asilimia 4.1. Ili kasi ibaki 7.1, nguzo mpya italazimika kuwa ndefu mara mbili ya hii, watu kama milioni moja na laki mbili.