Maji ya kuoga hayalali

Bamama na bapapa, karibuni. Kwamba maji ni shida Goma, na bidoni hupanda mlima mgongoni mwa mtoto, hilo nalipita. Mnalijua kuliko mimi. Leo nasema juu ya kutumia tena maji ya kuoga, chooni na kwenye mgomba. Nianze na hesabu.

Chukueni nyumba ya watu sita wanaooga kwa beseni, kila mmoja lita 15. Hizo ni lita 90. Kumi zitamwagika, zitabaki 80. Choo cha kumwagia kinataka lita 6 kwa haja kubwa na kama 2 kwa ndogo. Kila mtu akienda haja kubwa mara moja na ndogo mara tatu, nyumba nzima inatumia lita 72. Mmeona? Maji ya kuoga ya leo yanakwisha leo, zinabaki lita 8 za mgomba. Sasa yule anayenunua pipa la lita 200 ili aweke akiba, anaweka akiba ya nini?

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo watu wanapoharibu. Maji ya kuoga yana sabuni, jasho, nywele na, tusidanganyane, chembe za kinyesi. Vijidudu vinakula uchafu huo na kumaliza hewa iliyo ndani ya maji. Kesho yake maji yanageuka kijivu cheusi na kunuka kama yai bovu. Ndiyo maana nasema saa 24, basi. Yakipita hapo, yamwage chooni yote.

Najua kuna mtu anajiambia: nitatia javeli. Tia! Sabuni na uchafu vitaila javeli kabla haijagusa vijidudu, utatia tena, na mwisho hata mgomba utaungua. Mwingine ananiambia amejenga chujio la mchanga, maji yanatoka meupe. Meupe ndiyo, safi hapana. Mchanga wa ndoo moja unashika takataka, lakini vijidudu vingi vinapita. Tena mafuta ya sabuni yanatengeneza utando juu yake, na baada ya muda maji yanasimama. Kwa choo, mchanga wa nini? Funga kipande cha chandarua cha zamani, kilichokunjwa mara mbili, kwenye mdomo wa ndoo. Kinashika nywele, inatosha. Kikung'ute kila siku kwenye takataka, si kwenye bomba la duse, na unawe mikono.

Ndoo iwe ya mdomo mpana, yenye kifuniko, ili mbu wasitage na mtoto asitumbukie. Isiwe bidoni. Shingo ya bidoni haiingizi mkono, ute unaganda ndani husugui, halafu siku moja mgeni anaichukua kuchotea maji ya kunywa. Ipakeni ndoo hiyo rangi nyekundu.

Na jinsi ya kumwaga: lita 6 kwa mkupuo mmoja, moja kwa moja kwenye bakuli la choo. Ukimwaga kidogo kidogo, maji yanapita na mzigo unabaki. Msiyatie kwenye tangi la choo, sabuni itagandisha vali. Na fundi akiwaambia ataunganisha tiyo ya maji ya kuoga na tiyo ya robine, "tunaweka vali tu", mwambieni aende. Presha ikishuka, na hapa kwetu inashuka, tiyo inavuta. Vali ikivuja, maji ya kuoga yanaingia kwenye maji mnayokunywa.

Mimea, haraka, naona mwenyekiti anatazama saa. Udongo wetu ni mwembamba juu ya mawe ya volkano. Ukimwaga na maji yakapotea papo hapo kwa mlio, kuna ufa chini, hujamwagilia kitu. Zungushia mgomba mawe, jaza udongo sentimita 30, funika kwa majani makavu, mwaga chini ya majani hayo. Maji yakisimama zaidi ya saa moja, majani yameziba, badilisha. Mgomba na mti, ndiyo. Lengalenga, kitunguu, karoti, hapana, hata kama mtavipika, maana mkono unaovuna ndio unaoshika kikombe. Maji ya nepi na ya jikoni hayaingii humu kabisa.

Mtu akiharisha nyumbani, mnaacha siku hiyo hiyo. Maji yake ya kuoga yanaenda chooni moja kwa moja, hayakai ndani ya ndoo, na ndoo nyekundu inasuguliwa kwa sabuni kwanza, javeli baadaye, kisha inaanikwa juani. Hapa Goma tunajua kipindupindu kinavyotembea. Hamrudii mpaka mgonjwa apone na muhudumu wa afya aseme sawa.

Wale wa Bukavu wenye viwanja vya mteremko, shida yenu ni nyingine, maji yataibukia kwa jirani wa chini. Niulizeni nje.