Magunia Kumi kwa Macho: Hesabu ya Mama Saida

Mama zangu, dada zangu na kaka zangu wa sokoni, shikamooni nyote mnaostahili. Nimeombwa nizungumzie faida, na nimeona niwasimulie hadithi. Mama Saida nimemtunga mwenyewe, na bei nitakazotaja ni za mfano. Lakini kosa lake nimelikuta kwenye madaftari mengi mno, na ndilo lililonileta hapa.

Mama Saida anauza mchele na maharage katika soko la Tandale, Dar es Salaam. Tarehe 1 Juni alianza kibanda kipya akiwa na mzigo wa shilingi 4,000,000. Ndani ya mwezi akaongeza mzigo wa 6,000,000. Mauzo yote, taslimu, hakuna mkopo, yakafika 7,200,000. Pango, ushuru, wapagazi na usafiri vikala 500,000.

Jioni ya tarehe 30 akasimama mlangoni, akahesabu mzigo uliobaki kwa macho. Mchele: magunia 8 hayajafunguliwa, na matatu yaliyofunguliwa yanayoweza kutoa mawili. Magunia 10, yaani kilo 1,000. Anauza kilo moja kwa shilingi 3,000, basi hapo pana 3,000,000. Maharage: magunia 4 mazima na mawili yaliyolegea, kama gunia moja. Kilo 500 kwa 3,200, ni 1,600,000. Jumla 4,600,000.

Akapiga hesabu, na kanuni aliyotumia ni sahihi kabisa. Mzigo wa mwanzo, ongeza ulionunuliwa, toa uliobaki. Unachopata ni gharama ya ulichouza. Nne na sita ni milioni 10. Toa 4,600,000, gharama ni 5,400,000. Mauzo 7,200,000 toa 5,400,000, inabaki 1,800,000. Toa matumizi 500,000. Faida: 1,300,000.

Akafurahi. Akatoa 600,000 akalipa ada ya mtoto, akijiambia kwamba hajagusa hata nusu ya faida. Lakini alipofungua kopo la fedha siku ya kwenda kuongeza mzigo, akakuta 100,000 tu.

Akampigia mtoto wa kaka yake, binti anayesoma uhasibu.

"Shangazi, shikamoo. Faida milioni moja na laki tatu, ila kwenye kopo hukuwa na zaidi ya laki saba?"

"Marahaba mwanangu. Ndiyo. Nimeuza milioni saba na laki mbili, nimenunua za sita, nimetumia laki tano. Zikabaki laki saba."

"Basi hizo laki sita nyingine ziko kwenye magunia. Tukazitafute."

Hapo naomba tutulie kidogo. Faida isiyo kwenye kopo lazima iwe imekaa mahali: kwa kawaida imeongezeka kwenye mzigo, au iko kwa wadaiwa, au umelipa deni. Mama Saida hana wadaiwa wala deni. Kwa hiyo laki sita zake zinasimama juu ya neno moja tu, "imebaki", na neno hilo alilitamka kwa macho. Kila shilingi unayozidisha kwenye mzigo uliobaki inapunguza gharama kwa shilingi hiyohiyo, na kupandisha faida kwa shilingi hiyohiyo.

Binti akaja kabla soko halijafunguliwa, ili kusiwe na gunia linaloingia wala kutoka. Mizani ilikuwa na stika ya Wakala wa Vipimo, na waliiangalia inasoma sifuri kabla ya kuanza. Mmoja anapima, mwingine anaandika. Wakaanzia kona ya kushoto, na kila gunia lililopimwa likapigwa chaki, lisihesabiwe mara mbili. Pembeni kulikuwa na magunia mawili ya jirani yaliyohifadhiwa tu; hayo wakayaacha. Hata magunia yaliyofungwa walipandisha kwenye mizani, ingawa Mama Saida alilalamika kwamba wanapoteza muda.

Magunia mazima ya mchele yalitoa kilo 800 kamili, lakini yale matatu yaliyolegea yalitoa kilo 140, si 200. Maharage mazima manne yalitoa kilo 384, na yaliyolegea 66. Jumla 450. Binti akatumbukiza mkono ndani ya maharage, akatoa kiganja chenye vumbi na vitundu: kilo 100 zimebunguliwa na fukusi.

"Haya, mchele kilo 940 kwa 3,000," akasema Mama Saida.

"Hapana shangazi. Uliununua kilo moja kwa shilingi ngapi?"

"2,500."

"Basi andika 2,500. Ile 500 ya juu ataileta mteja. Bado hajaja."

Hili ndilo kosa lililombeba mbali kuliko yote, na ndilo nalikuta zaidi kwa watu makini wenye madaftari safi. Mzigo uliobaki unaandikwa kwa bei ya kununulia. Ukiuandika kwa bei ya kuuzia, umejilipa faida ya mauzo ambayo hayajafanyika. Kwa Mama Saida, shilingi 500 kwa kilo 1,000 za mchele na shilingi 400 kwa kilo 500 za maharage, ni 700,000 za hewa. Na bidhaa iliyoharibika haibaki hata kwenye bei ya kununulia. Maharage yaliyobunguliwa alinunua 2,800, sasa yatatoka kwa 1,500, basi yanaandikwa 1,500. Wahasibu wana kanuni ya kimataifa inayosema hivyo: gharama au thamani utakayopata ukiuza, ile iliyo ndogo.

Mchele ukawa 2,350,000. Maharage mazuri kilo 350, ni 980,000, yaliyobunguliwa 150,000. Jumla 3,480,000. Mzigo haukuongezeka kwa laki sita, umepungua kwa zaidi ya laki tano. Faida halisi ya Juni: 180,000.

Mama Saida alikaa kimya, kisha akauliza swali zuri sana: mbona kibanda cha zamani alihesabu hivihivi miaka mingi, na hakufilisika?

Ni kwa sababu mzigo uliobaki mwezi huu ndio mzigo wa mwanzo wa mwezi ujao. Ukizidisha laki tano mwanzoni na laki tano mwishoni, makosa yanafutana, na faida inatoka karibu na ukweli. Kibanda kipya kilianza na mzigo ulioandikwa kwa bei ya kununulia, kikamaliza kwa bei ya kuuzia. Hapo kosa halikuwa na mwenzake wa kulifuta. Litajitokeza pia bei zikipanda ghafla, au mzigo ukikua. Na atakayerekebisha mwezi wa pili bila kurekebisha wa kwanza, ataona hasara kubwa ambayo haikutokea mwezi huo.

Zikabaki kilo zilizopotea, maana kilo zilizoingia ukitoa zilizouzwa zilipaswa kubakiza mchele 1,000 na maharage 500, kama alivyokisia kwa macho. Mchele 60: nusu yake ilikuwa kilo moja ya kila siku aliyopeleka nyumbani. Hiyo si hasara, ni chakula chake, shilingi 75,000 alizojilipa kwa sufuria, na kuanzia Julai akaziandika hivyo. Kilo 30 nyingine zilikuwa nyongeza kwa wateja na punje zilizomwagika. Lakini maharage hakula, na kilo 50 hazipo.

Binti akarudi kwenye daftari la upimaji. Magunia manne, kilo 384. Ni 96 kila moja. Tangu kibanda kianze yameingia kilo 1,250 za maharage kwa maandishi, sawa na magunia 12 na nusu. Kilo nne zinazokosekana kila gunia, mara 12 na nusu, ni 50.

Mzigo wa Julai ulipofika, Mama Saida aliweka mizani mbele ya kirikuu kabla ya kutoa fedha. Gunia la kwanza likasoma 96. Akalipa kilo 96.