Kuandika maelezo ya madaraja kwa kazi ya kisa cha mgonjwa

Karibuni. Leo tunatengeneza jedwali la kusahihishia kazi ya kisa cha mgonjwa kwa wanafunzi wa uuguzi. Nitakaa zaidi kwenye maelezo ya madaraja, kwa sababu hapo ndipo wasahihishaji wanapotofautiana.

Kwanza, soma kisa chenyewe kabla hujachora jedwali. Chetu ni mama wa kilo 70, siku ya pili baada ya upasuaji wa tumbo. Joto lake ni 38.9, mapigo 118 kwa dakika, anapumua mara 26, presha 92/54, na mkojo ni mililita 20 kwa saa. Andika unachotaka mwanafunzi akione: kwamba vipimo hivi vikisomwa pamoja vinaashiria sepsisi, kwamba kwa uzito wake mkojo haufai kupungua chini ya mililita 35 kwa saa, na kwamba daktari aitwe sasa hivi.

Pili, chagua vigezo vichache. Mimi naweka vinne: kutafsiri taarifa za mgonjwa alama 40, mpango wa uuguzi 30, usalama 20, uandishi na marejeo 10.

Tatu, jaza madaraja. Maneno kama "vizuri sana" na "wastani" yaache kabisa, kila msahihishaji ana wastani wake. Eleza kinachoonekana kwenye karatasi. Anza na daraja la kufaulu, maana ndiyo mpaka wenye ubishi. Kwenye kutafsiri taarifa, naandika hivi: "Anataja vipimo visivyo vya kawaida na kuhusisha angalau viwili na tatizo moja." Daraja la juu: "Anaunganisha vipimo vyote, anaeleza kwa nini mkojo umepungua presha iliposhuka, na anapanga kipi kishughulikiwe kwanza." Chini ya kufaulu: "Anaorodhesha vipimo bila kusema vina maana gani." Madaraja ya kati utayaandika kwa urahisi sasa.

Nne, usalama usifidiwe na alama nyingine. Mwanafunzi akipanga kumpima tena mama huyu baada ya saa 4 bila kumwita mtu, anaweza kufikisha 70 kwa uandishi mzuri na mpango mrefu. Kwa hiyo weka sharti chini ya jedwali: asiyefaulu kigezo cha usalama hafaulu kazi. Wanafunzi waone sharti hilo siku wanayopewa kazi.

Mwisho, lijaribu. Wewe na mwenzako sahihisheni karatasi zilezile chache, kila mtu peke yake, kisha mlinganishe. Mkitofautiana daraja, rudini kwenye maneno. Tuseme mwanafunzi ameandika "presha imeshuka kwa sababu ya maambukizi, mapigo yamepanda". Wewe umempa kufaulu, mwenzako amekataa kwa kuwa mapigo hayakuelezwa. Neno "kuhusisha" ndilo limewagawa. Ongezeni: "kwa kutaja sababu ya kila kimoja," halafu msahihishe karatasi hiyo upya.