Koma mbili na milioni zisizojumlika

Ndugu zangu wahasibu, suala hili mmeshanisikia nikilisema. Nalirudia kwa sababu bado ripoti zinafika mezani zikiwa na jumla ambayo bosi akiipiga kwa kalamu haikubali, kisha lawama inapewa Excel.

Tuchukue duka lenye matawi matatu hapa Dar. Mauzo ya mwezi: Kariakoo 12,400,000, Tegeta 7,400,000, Mbagala 5,400,000. Jumla 25,200,000. Sufuri zimekuwa nyingi, mtu anabonyeza Ctrl+1, anaingia Custom, anaandika:

```
#,##0,,
```

Kila koma ya mwishoni inaficha tarakimu tatu. Mbili zinaficha sita. Sasa matawi yanasomeka 12, 7 na 5, na jumla inasomeka 25. Haya, jumlisheni wenyewe. Ni 24!

Excel haijakosea. SUM haijumlishi kinachoonekana, inajumlisha kilichohifadhiwa. Zile 400,000 za kila tawi bado zimo, na zikikutana ni 1,200,000. Bofya seli ya Kariakoo, utazame mstari wa fomula pale juu: 12400000, haijaguswa hata shilingi moja. Umbo ndilo lililobadilika.

Najua kuna anayetaka kuniambia, "Mwalimu, si tuweke ROUND?" Weka basi =ROUND(B2,-6) kwa kila tawi. Jumla itakuwa 24 na bosi atafurahi, lakini sasa umeondoa kweli shilingi 1,200,000 kwenye hesabu, na kila fomula inayotegemea seli hizo itabeba upungufu huo. Hapana! Acha thamani ilivyo, ongeza desimali moja:

```
#,##0.0,,
```

Utaona 12.4, 7.4, 5.4 na 25.2, na hapa zinakubaliana. Kwenye takwimu nyingine desimali ya mwisho bado inaweza kupishana kidogo. Hapo andika chini ya jedwali kwamba tofauti inatokana na kukadiria, na juu ya safu andika "Shilingi milioni". Msiiache safu bila kipimo, jamani.

Kipimo hicho nacho kina mtego wake. Kijana wa kuingiza data anaona 12.4, anadhani kinachotakiwa ni milioni, basi kwa Mbagala anaandika 6. Excel inahifadhi shilingi sita, seli inasomeka 0.0, na jumla inashuka hadi 19.8. Ukiona 0.0 kwenye tawi linalouza, nenda kwenye mstari wa fomula kwanza kabla hujampigia simu meneja.

Muda umeniishia, ila hili la CSV siliachi. Ukihifadhi faili kama CSV, Excel inaandika kinachoonekana. Mfumo utakaoipokea utapata 12.4, si 12400000, na tarakimu zilizofichwa hazimo tena ndani ya faili hiyo. Rudisheni safu kwenye General kwanza, ndipo mhifadhi.