Hedhi iliyobadilika: mazungumzo na kina mama wa Ngamiani, Tanga

Asalaam alaykum, kina mama. Na wenye salamu nyingine nawaamkia pia, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie hedhi. Hedhi ina mengi, kwa hiyo leo nashika moja tu. Kuna mwanamke ambaye miaka yote siku zake zilikuja na kuondoka bila fujo, kisha zikamgeukia. Damu imekuwa nyingi, mabonge yanatoka, na tumbo linauma kuliko alivyowahi kuumwa. Binti anayeumwa tangu alipovunja ungo ana habari yake nyingine, tutampangia siku.

Mama wa namna hii akikaa mbele yangu namuuliza kwanza: imebadilika lini? Wengi hunijibu, "Ghafla tu, daktari." Basi namuuliza deni lake la Ramadhani. Mwaka juzi ulilipa siku ngapi? Tano. Mwaka jana? Saba. Mwaka huu? Tisa. Hapo tunaona wote wawili kwamba hiyo ghafla ina miaka miwili. Asiyefunga namuuliza pakiti za pedi: zamani pakiti moja ilimtosha, sasa anatumia ngapi? Majibu haya yananisaidia sana, kwa sababu kinachobadilika ndani ya mwezi mmoja si sawa na kinachopanda taratibu.

Tuanze na cha mwezi mmoja. Siku zimechelewa wiki moja au mbili, kisha zimekuja kwa kishindo na maumivu makali. Hapo kipimo cha kwanza ni cha mimba, cha mkojo, hata kama mama ana miaka 44, hata kama alifungwa kizazi. Najua wengine hukasirika wakiambiwa wapime. Mnisamehe, lakini huenda ni mimba inayoharibika, au ni mimba iliyotunga nje ya mji wa uzazi. Hiyo ya pili inadanganya, maana damu ya nje inaweza kuwa kidogo huku nyingi inamwagikia tumboni. Maumivu mara nyingi huwa ya upande mmoja, kuna kizunguzungu, na wengine huhisi bega linauma. Huyo hangoji asubuhi, anapelekwa hospitali usiku huo huo.

Wa pili ni aliyewekewa kitanzi cha shaba miezi michache iliyopita. Kitanzi hicho huongeza damu na maumivu, hasa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, kisha kwa wengi hutulia. Lakini aliyekaa nacho miaka minne vizuri halafu leo damu ikafurika, asikilaumu moja kwa moja. Huenda kimesogea, huenda pana jambo jingine, achunguzwe. Yuko pia aliyeacha vidonge au sindano za uzazi wa mpango. Dawa hizo zilikuwa zinapunguza damu na kuficha maumivu, na alipoziacha, ugonjwa uliokuwepo chini yake ukajitokeza. Na mwenye homa na uchafu wenye harufu pamoja na maumivu ya chini ya kitovu, huyo namtafutia maambukizi.

Sasa nije kwa hao wa taratibu, ndio wengi, na ndio wanaozungushwa sana. Nitawapa habari za mama mmoja, nimebadilisha vitu vidogo asijulikane. Ana miaka 43, ni fundi cherehani, watoto watatu, wa mwisho alizaliwa kwa upasuaji. Hedhi yake ilikuwa ya siku tano. Katika miaka miwili ikafika siku tisa. Siku ya pili na ya tatu anabadilisha pedi kila baada ya saa moja na nusu, na usiku anatandika kanga iliyokunjwa chini yake. Maumivu yanaanza siku mbili tatu kabla ya damu, mazito, yanashuka hadi mapajani. Tendo la ndoa nalo linamuuma ndani kabisa. Bibi zake walimwambia ni chango, akanywa mizizi mwaka mzima. Kisha akapigwa picha ya tumbo kwenye kituo kimoja, akaambiwa ana uvimbe wa sentimita mbili ndani ya ukuta wa kizazi, na kwamba ndio sababu, akatolewe.

Nilipomsikiliza nilimuuliza jambo moja zaidi: unakula udongo? Akacheka, akafungua pochi, vipande vya pemba vimo. Hamu ya udongo, au ya kutafuna barafu, mara nyingi ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Tulipompima, damu yake ilikuwa gramu 7.4. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa afike 12, na chini ya 8 tunauita upungufu mkali. Alikuwa anapanda ngazi na kupumzika katikati, akadhani ni umri.

Kipimo cha mimba hakikuonyesha kitu. Nilipompima kwa mkono, kizazi chake kilikuwa kimekua kama cha mimba ya wiki kumi, kimevimba pande zote, laini kidogo, na kinauma kikiguswa. Hapo ule uvimbe wa sentimita mbili haukuniridhisha. Uvimbe wa kizazi, huo madaktari wanaouita fibroidi, ni wa kawaida mno kwa wanawake wa umri huu, na wengi wanao bila kujua. Madhara yake hutegemea zaidi mahali ulipokaa kuliko ukubwa. Mdogo uliochungulia ndani, kwenye utando unaotoka kila mwezi, unaweza kukumwagisha damu hadi uongezewe. Mkubwa kama chungwa uliokaa upande wa nje unaweza usikuongezee hata tone, ukakusumbua kwa kubana kibofu tu. Wa mama huyu ulikuwa mdogo, katikati ya ukuta, na hauelezi kizazi kizima kuvimba na kuuma. Kwa hiyo msikubali kuambiwa "una uvimbe" tu. Ulizeni: uko wapi, na ndio unaovujisha?

Tukarudia picha, safari hii kwa kifaa cha njia ya uke, ambacho huona karibu zaidi. Ukuta wa nyuma wa kizazi ulikuwa mnene kuliko wa mbele, una vijishimo vidogo vidogo, na mpaka kati ya utando na msuli umefifia. Huo ni ugonjwa wa adenomayosisi. Utando wa ndani, ule unaomea na kutoka kila mwezi, umeingia ndani ya msuli wenyewe. Mnazijua nyumba zetu za mawe na chokaa hapa pwani, chumvi inavyoingia ukutani. Fibroidi ni jiwe ndani ya ukuta, fundi anaweza kulichomoa. Adenomayosisi ni ile chumvi, imesambaa, haina mahali pa kuishika. Ndiyo maana kumfanyia upasuaji wa kutoa uvimbe mdogo kungempa kovu na hedhi ile ile.

Kila mwezi utando huo ulionaswa unavimba pamoja na mwenzake, msuli unajaa, na kemikali za maumivu zinazalishwa kwa wingi. Kizazi kilichovimba kina eneo kubwa la kutoa damu na hakijikazi vizuri. Hupatikana zaidi kwa waliozaa, katika miaka ya thelathini na arobaini, ingawa wadogo nao wanao. Na mara nyingi huja pamoja na fibroidi, ndiyo maana kosa lililomkuta mama huyu ni rahisi kutokea.

Kwa sababu ana uzito mkubwa na shinikizo la damu, tulichukua pia kipande kidogo cha utando kikapimwe saratani. Hakikuwa nayo. Kwa aliyefika miaka 45 damu ikabadilika hivi, kipimo hicho mimi siachi kukifikiria. Anayetoka damu katikati ya mwezi au baada ya tendo la ndoa anatazamwa mlango wa kizazi pia.

Matibabu yake yalikuwa hatua mbili. Kwanza damu. Vidonge vya madini ya chuma, kimoja kwa siku, na nikamwambia asivinywe na chai, maana chai huyazuia madini yasiingie mwilini. Anywe na chungwa, na kwa majirani wa Muheza hakuna udhuru wa kukosa chungwa. Choo kitakuwa cheusi, asiogope. Damu ikishafika kiwango, anaendelea miezi mitatu ili kujaza akiba. Wengi huacha wiki ya tatu wakishapata nguvu, na mwezi wa pili wanarudi pale pale.

Pili hedhi yenyewe. Alipewa asidi ya traneksamiki, gramu moja mara tatu kwa siku, kwa siku zile za damu nyingi tu, zisizidi nne au tano. Dawa hii huzuia mabonge yanayoziba mishipa yasiyeyuke mapema. Hapewi aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni. Kwa maumivu, ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya kula, akianza mara tu maumivu yanapochokoza, asingoje yamlaze. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asiiguse, na mwenye pumu atuambie kwanza.

Dawa hizo zinapunguza, haziondoi ugonjwa. Baada ya miezi mitatu akawekewa kitanzi cha homoni. Sikilizeni hapa: si kile cha shaba, kile kingemzidishia. Hiki hutoa homoni kidogo kidogo ndani ya kizazi na kuunyausha utando. Miezi ya mwanzo matone hutoka ovyo, na kizazi kikubwa wakati mwingine hukisukuma nje. Hakipatikani kila kituo, na asiyekipata tunajaribu sindano au vidonge vya homoni. Mwezi wa sita damu yake ilikuwa 11.6, na pemba ameacha, hata hamu yake hana.

*(Mama mmoja akauliza: "Daktari, ikizidi siku 15 na tumeshaambiwa ni istihadha, tuje hospitali au tuswali tu?")*

Mswali na mje, mama. Hukumu ya ibada muulizeni mwalimu wenu, mimi natafuta damu inatoka wapi. Na msingoje siku 15. Pedi ikijaa kabisa kila saa kwa saa mbili mfululizo, au mabonge yakizidi sentimita mbili na nusu, au ukisimama macho yanaingia giza, njoo siku hiyo.

*(Mwingine: "Na kutoa kizazi?")*

Kwa adenomayosisi kutoa kizazi ndiyo tiba inayoimaliza, lakini ni ya aliyemaliza kuzaa na dawa zimemshinda, na damu yake ipandishwe kwanza kabla ya kupasuliwa. Aliye karibu na kukoma hedhi anaweza kuvuka kwa dawa, kwa sababu hedhi ikikoma ugonjwa huu kwa kawaida hunywea wenyewe. Ila ukishakaa mwaka mzima bila kuona siku zako, kisha ukaona damu, hata tone, hiyo si hedhi iliyorudi. Hiyo inapimwa.